Barua ya Udhamini Inayojibu Swali la Mwenye Duka

Mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilianza kugombea kombe lililotolewa na mtengeneza sabuni. Kampuni ilikuwa ile iliyoanzishwa na William Gossage huko Widnes, Uingereza, na kombe likaitwa Gossage. Baadaye Tanganyika ikajiunga, kisha Zanzibar, na michuano ikaendelea kwa jina hilo hadi mwaka 1966, kabla ya kuzaa Kombe la Chalenji ambalo leo lipo chini ya CECAFA. Kwa miaka 40 hivi, mtu hakuweza kusimulia mpira wa Afrika Mashariki bila kutamka jina la sabuni. Kampuni ilitoa kombe na ikapata midomo ya watu wote waliokuwa wakifua nguo. Mwaka 2002 Rais Paul Kagame wa Rwanda alipoanza kutoa fedha za zawadi kwa mashindano ya klabu ya CECAFA, jambo lilelile lilitokea: mashabiki wengi hawayaiti kwa jina rasmi, wanasema tu Kombe la Kagame.

Kijana anayeandaa mashindano ya kata leo ana kitu cha namna hiyohiyo cha kuuza, ila kwa kipimo kidogo. Tatizo ni kwamba barua yake haiuzi. Huanza na salamu ndefu, hueleza kwamba michezo ni afya na ajira, husema vijana wanaepushwa na makundi mabaya, kisha humalizia kwa kuomba msaada wa hali na mali. Mwenye duka akiisoma, anaiweka pamoja na kadi za harusi, michango ya misiba, kipaimara na ujenzi wa msikiti. Kwa mambo hayo ana mfuko wake, na mfuko huo hutoa 10,000 au 20,000, kwa kuwa anajua kesho atakuja mwingine. Fedha anayotumia kupaka rangi ukuta wa duka, kuchapisha mabango na kununua kalenda za mwisho wa mwaka iko mfuko mwingine, na ndiyo mara nyingi zaidi. Barua ya udhamini inapaswa kugonga mlango wa mfuko huu wa pili.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Tuseme ni mashindano ya vijana wasiozidi miaka 17 katika kata ya Kihonda, Morogoro, yenye timu 8. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu. Kila mwandaaji aulize za kwake sokoni kabla ya kuandika lolote. Timu zinagawanywa makundi mawili ya timu nne nne, kila kundi lina mechi 6, hivyo mechi za makundi ni 12. Ukiongeza nusu fainali mbili na fainali, unapata mechi 15. Kila kipindi kikiwa dakika 35 na mapumziko dakika 10, unaweza kucheza mechi mbili jioni moja: ya kwanza saa 8:30 mchana, ya pili saa 10:15, na giza halijaingia. Makundi yanakwisha kwa wikiendi tatu. Jumamosi ya nne ni nusu fainali zote mbili, Jumapili ni fainali. Jumla ni siku 8 za mpira.

Hizo siku 8 ndizo bidhaa. Mwandaaji asipozijua kwa tarehe na saa, hana cha kuuza, kwa sababu mwenye duka hawezi kununua kitu kinachoitwa “mwezi wa nane mwishoni”.

Swali la kwanza la mfanyabiashara, hata asipolitamka, ni watu wangapi watakuja na ni watu gani. Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika, maana huandika “maelfu ya watu”. Mwenye duka amekaa mtaani miaka kumi na anaujua ule uwanja. Akisoma maelfu anaacha kuamini na mistari mingine yote. Hesabu ya kweli haina ugumu. Nenda kwenye mechi yoyote ya mtaani kwenye uwanja huohuo, wakati wa mapumziko, utembee pembeni mwa mstari. Mtu aliyesimama huchukua karibu nusu mita, kwa hiyo upande mrefu wa uwanja wa mita 100 ukijaa mstari mmoja ni watu 200. Ukiona safu moja na nusu upande wa kivuli, na upande wa jua watu wachache wamejikusanya chini ya mwembe, unajua kuna kama 300 na ushee. Fanya hivyo kwenye mechi mbili au tatu, uandike siku na idadi. Barua inayosema “Jumapili mbili mfululizo tulihesabu watu kati ya 280 na 350” ina nguvu kuliko maelfu ya kubuni, kwa kuwa msomaji anaona kuna mtu aliyetembea akahesabu.

Aina ya watu ina uzito kuliko idadi. Mechi ya vijana wa miaka 17 huwaleta wanafunzi wa sekondari, lakini huleta pia wazazi wao, waendesha bodaboda wanaosubiri abiria, mafundi waliomaliza kazi mapema na wauza chipsi. Kihonda ni upande wa mji ambako nyumba mpya zinajengwa, na mtu anayejenga hununua saruji, misumari, mabati na rangi kwa miezi mingi. Kwa hiyo kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wale wanaume na wanawake wa umri wa kati waliosimama pembeni ni wateja wake hasa. Mwenye duka la sare na madaftari anawatazama wachezaji wenyewe na mama zao. Duka la dawa linamtaka kila mtu anayeishi umbali wa kutembea. Barua moja iliyotolewa fotokopi na kusambazwa kwa wote watatu haitamgusa hata mmoja wao. Hesabu na tarehe zibaki zilezile, lakini aya inayoeleza faida iandikwe upya kwa kila biashara.

Sasa faida zenyewe. Waandaaji hupenda kuahidi kwamba “jina lako litatangazwa”, na hapo huishia. Kutangazwa wapi, mara ngapi, na nani atasikia? Nitaeleza njia nne ambazo naziona zina thamani ya kweli kwa biashara ya mtaani, na nitakaa zaidi kwenye ile ambayo wengi hawaifikirii.

Hiyo ni ratiba. Mashindano ya makundi yana ratiba na msimamo unaobadilika kila wikiendi: nani ana pointi ngapi, nani anahitaji droo. Vijana wataufuata msimamo huo popote ulipo. Ukiandikwa kwenye ubao mkubwa uliotundikwa ukutani mwa duka la mdhamini mkuu, kila Jumatatu asubuhi vijana, makocha na mashabiki watapita pale kuusoma. Hakuna bango la barabarani linalomfanya mtu asimame mlangoni pako dakika tano na kurudi tena wiki inayofuata. Ubao wenyewe ni karatasi ngumu, kalamu ya wino mzito na nailoni ya kuzuia mvua. Sharti lake ni moja tu: uandikwe upya kila Jumapili usiku bila kukosa, maana ubao wenye matokeo ya wiki mbili nyuma unamwaibisha mwenye duka kuliko kutokuwa na ubao kabisa.

Ya pili ni jezi. Jezi ina maisha marefu kuliko mashindano. Kijana ataivaa fainali ikiisha, ataivaa kisimani, ataivaa akitumwa dukani, na mdogo wake atairithi. Seti ya jezi 15 ikigharimu 180,000 na mdhamini akatozwa 220,000, ananunua matangazo 15 yanayotembea mtaani kwa karibu 15,000 kila moja, kwa muda wote ambao kitambaa kitadumu. Ila hapa kuna mambo ya fundi. Chapa ya kubandika kwa pasi ya moto huwa rahisi, lakini ikifuliwa mara kadhaa huanza kubanduka herufi moja moja; iliyozamishwa rangi kwenye kitambaa hudumu. Jina lisizidi maneno mawili, na namba ya simu iwe kubwa kuliko nembo. Nimewahi kuona jezi yenye nembo nzuri, anuani ya sanduku la posta na kauli mbiu ya mstari mzima, na hakuna aliyesimama mbali kidogo na mstari aliyeweza kusoma chochote. Jambo jingine: mpe mdhamini timu ya mtaa ulio karibu na duka lake. Duka lililopo upande mmoja wa kata halipati faida kubwa kwa jezi zinazoishi upande mwingine.

Ya tatu ni zawadi ya mchezaji bora wa mechi, itolewe kwa vocha. Badala ya kumpa kijana 10,000 mkononi, mpe karatasi yenye mhuri wa duka fulani inayomruhusu kuchukua bidhaa za thamani hiyo ndani ya siku 14. Mwenye duka anatoa bidhaa ambayo yeye aliinunua kwa bei ya jumla, hivyo gharama yake halisi iko chini ya 10,000, na mshindi analazimika kufika dukani. Haji peke yake. Anakuja na wenzake watatu, mara nyingi na mzazi. Kwa mechi 15 ni vocha 15, na kila moja ikirudi ni ushahidi kwamba mtu alitoka uwanjani akaingia dukani. Mwenye duka anazihifadhi kwenye droo na mwisho anazihesabu mwenyewe, bila kumtegemea mwandaaji kumwambia mambo yalikwendaje.

Ya nne ni kipaza sauti. Mtangazaji wa uwanjani akitaja jina la duka mara moja kwenye ufunguzi, limepotea. Akilitaja kabla ya kila mechi, wakati wa mapumziko na baada ya filimbi ya mwisho, tena akaeleza duka lilipo na linauza nini, kwa mechi 15 hiyo ni mara 45. Andika idadi hiyo kwenye barua, na umpe mtangazaji karatasi yenye maneno ya kusoma. Watangazaji wa mtaani wana vipaji vikubwa vya kuchekesha na kumbukumbu ndogo sana ya wadhamini.

Juu ya haya yote kuna jambo linalopandisha bei ya kila kitu: upekee. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akijua kwamba hakuna duka jingine la aina yake litakaloonekana uwanjani kwa siku 8, anakuwa amenunua zaidi ya bango. Ndiyo maana mwandaaji achague biashara moja kwa kila aina: duka moja la dawa, bucha moja, saluni moja, wakala mmoja wa fedha kwa simu. Hili la mawakala lina mtego wake. Wakala mmoja huwa na laini za mitandao mitatu, lakini bango lake lina rangi za mtandao mmoja, na kampuni nyingine ikiwa imechukua upekee, utaingia kwenye ugomvi siku ya fainali. Muulize mapema bango lina rangi gani.

Tuangalie fedha. Kwa mfano wetu, jezi za timu 8 ni 1,440,000. Waamuzi watatu kila mechi kwa 40,000 ya jumla ni 600,000. Zawadi 300,000, kukodi spika na jenereta kwa siku 8 ni 240,000, mipira minne 180,000, na chokaa, nyavu, maji, huduma ya kwanza na vibali 240,000. Jumla ni 3,000,000 kamili. Upande wa mapato, jezi 8 kwa 220,000 zinaleta 1,760,000. Mdhamini mkuu, ambaye kombe linabeba jina lake, anatoa 600,000. Wenye mabango manne ya kawaida wanalipa 80,000 kila mmoja na wanakuja na mabango yao. Timu zinalipa kiingilio cha 20,000, na meza mbili za wauza vyakula na vinywaji zinalipa 10,000 kila moja kwa siku. Inafika 3,000,000.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba unavumilia kukataliwa. Wakipatikana wadhamini wa jezi watano badala ya wanane, mapato yanapungua, lakini pia hununui seti tatu. Timu hizo tatu zitavaa jezi zao za zamani, na pengo halisi linalobaki ni 120,000, ambalo linazibika kwa kupunguza zawadi. Mpango unaotegemea mdhamini mmoja wa 3,000,000 unakufa siku anapobadili mawazo, na wadhamini wa namna hiyo hubadili mawazo wiki moja kabla.

Hii hapa barua ambayo ningempelekea mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni ukurasa mmoja, na inapelekwa kwa mkono asubuhi ya siku ya kazi kabla wateja hawajaanza kujaa. Isipelekwe Jumamosi.

YAH: NAFASI YA MDHAMINI MKUU, MASHINDANO YA VIJANA WA MIAKA 17 KATA YA KIHONDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi Agosti tutachezesha mechi 15 kwa wikiendi nne katika uwanja ulio karibu na duka lako. Timu ni 8, wachezaji ni 160. Kwenye mechi za kirafiki za mwezi huu tulihesabu watazamaji kati ya 280 na 350 kwa siku, wengi wao wakiwa wakazi wa kata hii, wakiwemo mafundi na watu wanaojenga.

Tunakupa nafasi ya mdhamini mkuu kwa shilingi 600,000. Kwa kiasi hicho: kombe litaitwa kwa jina la duka lako katika barua, matangazo na ratiba zote, ubao wa ratiba na msimamo utakaa ukutani mwa duka lako kwa wikiendi zote nne na sisi tutauandika upya kila Jumapili usiku, mabango yako mawili yatakaa nyuma ya magoli siku zote 8, duka lako litatajwa mara tatu katika kila mechi, nawe ndiwe utakayekabidhi kombe. Hatutapokea duka jingine la vifaa vya ujenzi.

Nusu ya fedha tunaiomba kabla ya tarehe 10 Julai ili tulipe kombe na waamuzi wa mwanzo. Nusu ya pili baada ya mechi za makundi. Malipo yaingie akaunti ya klabu yenye watia saini wawili, na utapewa stakabadhi. Mashindano yasipofanyika, tutarudisha fedha zote ndani ya siku 14. Uwanjani hakutakuwa na hotuba za siasa wala matangazo ya kamari, pombe au sigara. Tutapita Jumanne asubuhi kupata jibu lako.

Barua inaishia hapo, na chini yake kuna majina ya mwenyekiti na mweka hazina, namba zao, mhuri wa klabu, na nyuma yake ratiba. Msomaji ataona haina neno hata moja kuhusu umuhimu wa michezo kwa taifa. Mwenye duka anayependa vijana atatoa bila kuhutubiwa, na asiyewapenda hatabadilika kwa aya tatu.

Baadhi ya sentensi zake zinahitaji maelezo. Ile ya siasa ipo kwa sababu mashindano mengi ya mtaani ni kombe la mbunge au la diwani, na wafanyabiashara wamezoea kuona fainali ikigeuka jukwaa. Duka lina wateja wa vyama vyote. Mdhamini akikuta bango lake limefunikwa na bendera, hatarudi. Ukiwa na mgeni rasmi ambaye ni kiongozi, mwambie mapema kwamba atakabidhi medali na kusalimia, basi.

Ile ya kamari na pombe haiwekwi kwa uungwana tu. Wachezaji hawajatimiza miaka 18, na michezo ya kubahatisha kwa mtu wa umri huo hairuhusiwi kisheria. Kampuni za kubashiri ndizo zenye fedha za haraka, na jezi za ligi kubwa zimejaa majina yao, kwa hiyo kishawishi kipo. Lakini jina la kubashiri kifuani mwa mtoto wa kidato cha pili litakuletea mwalimu mkuu na mzazi aliyekasirika kabla ya Jumatatu. Tumbaku ina mlango uliofungwa zaidi: Kenya ilipiga marufuku udhamini wake kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, na mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania nayo ni mwanachama wake, unahimiza hivyo kila mahali.

Picha nazo zina sharti. Mdhamini atataka picha ya mshindi akiwa dukani na vocha yake, ili aibandike ukutani au airushe kwenye simu. Mshindi ni mtoto, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye fomu ya usajili ya kila mchezaji, pale mzazi anapotia saini kukubali mtoto acheze, weka mstari wa pili wa kukubali au kukataa picha yake kutumika na wadhamini. Waliokataa wapewe alama kwenye orodha ya timu ili mpiga picha awajue.

Suala la kodi hupenda kutajwa kama faida, na hapa ningeshauri tahadhari. Kampuni inayotunza vitabu vya hesabu inaweza kuuhesabu udhamini kama gharama ya matangazo, ikiwa ina makubaliano ya maandishi na stakabadhi inayoonyesha ilinunua nini. Lakini mwenye duka mdogo anayekadiriwa kodi kwa kiwango cha mauzo yake hapunguziwi chochote na gharama hii, kwa sababu kodi yake haitazami gharama. Ukimwahidi nafuu asiyokuwa nayo, mhasibu wake atakusuta. Kwa huyu, njia inayovutia ni kumwacha alipe kwa vitu au amlipe mtoa huduma moja kwa moja: amlipe mchapaji wa jezi, wewe usiguse fedha. Wengi wanapendelea hivyo kwa sababu wameshawahi kuona fedha za timu zikiingia kwenye simu ya mtu mmoja na kuyeyuka.

Hata mpango mzuri hupata mikwaruzo, na mikubwa zaidi inatabirika. Wa kwanza ni jezi kuchelewa. Mdhamini akilipa Ijumaa na mashindano yakaanza kesho yake, timu itacheza mechi mbili za kwanza kwa fulana za nyumbani, na hizo ni mechi mbili kati ya tatu alizohakikishiwa. Kwa hiyo mwisho wa kupokea fedha za jezi uwe wiki tatu kabla, na aliyechelewa apewe bango badala ya jezi. Vipimo vichukuliwe kwa kila mchezaji. Seti za ukubwa mmoja huwaacha vijana wembamba wakiogelea ndani ya kitambaa na namba ya duka ikikunjwa ndani ya bukta.

Wa pili ni umri. Timu moja ikileta mchezaji wa miaka 20, wazazi wa timu nyingine hupiga kelele, mechi husimama, na siku hiyo mdhamini anasikia jina la duka lake likihusishwa na udanganyifu. Dawa yake ni kukagua cheti cha kuzaliwa au rejista ya shule wakati wa usajili, mbele ya makocha wa timu pinzani, kisha orodha ifungwe kabla ya mechi ya kwanza. Kukagua siku ya nusu fainali ni kuchelewa.

Wa tatu ni mvua, na Morogoro chini ya milima ya Uluguru inaijua. Mechi ikiahirishwa, mdhamini aliyelipia siku 8 anataka siku 8. Weka wikiendi moja ya akiba kwenye ratiba tangu mwanzo na uiandike hivyo. Mashindano yakipangwa katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, akiba hiyo mara nyingi haitumiki, na inaweza kutumika kwa mechi ya wadhamini wenyewe dhidi ya makocha, jambo ambalo wenye maduka hulipenda kuliko wanavyokiri.

Fainali ikishapita, kuna kazi ambayo wengi huiacha. Ndani ya wiki mbili, kila mdhamini apelekewe karatasi moja: picha nne za bango au jezi yake zikionekana, idadi ya watazamaji iliyohesabiwa kila siku kwa njia ileile ya kutembea mstarini, idadi ya vocha zilizorudi kama alitoa, na mapato na matumizi yote ya mashindano hadi shilingi ya mwisho. Siku mbili idadi ikawa chini ya ile uliyoahidi, iandike hivyohivyo. Kama bango la mtu lilisahauliwa nyumbani kwa mweka hazina siku mbili kati ya 8, mrudishie robo ya alicholipa, au umpe nafasi hiyo bure mwakani, yeye achague. Kwa mwenye bango la 80,000 ni 20,000 tu. Na mdhamini wa jezi ambaye timu yake ilitolewa hatua ya makundi ndiye apewe nafasi ya kwanza ya kuchagua timu msimu ujao, kabla hata mwenye bingwa hajaulizwa.